Kontena limekwama bandarini, ajenti kila siku "dokumenti hazijakamilika"

Kaka habari za kazi. Mi nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza, safari hii nikasema niagize mwenyewe badala ya kununua Kariakoo, nikaagiza kontena la futi 20 la tailizi na masinki kutoka Foshan, China. Ajenti wa kliringi nilipewa na mtu ninayemuamini, yuko Dar, sijawahi kuonana nae ni simu na watsapu tu. Sapulaya alivyouliza BL orijino, zile hati za meli za kuchukulia mzigo, azitume wapi, ajenti akasema zije ofisini kwake moja kwa moja, nikakubali. Hela ya ushuru nilimtumia nusu kwenye simu yake nusu akaunti yake ya benki, jumla milioni 14.

Meli ilishusha tarehe 3, leo tarehe 22. Kila nikimpigia "dokumenti hazijakamilika bosi", nikiuliza ipi anasema nyie wafanyabiashara hamuelewi mambo ya kliringi, mara mfumo uko chini, mara yuko bandarini kuna kelele atanipigia, hapigi. Jana kaniambia nitume milioni 2 na laki 3 za storeji la sivyo kontena linapigwa mnada. Sapulaya anaapa katuma kila kitu. Mume wangu anasema twende polisi, mi naogopa akikasirika azifiche hizo karatasi. Nifanyeje? Naweza kuja Dar nikalitoa mwenyewe?

Mama Tailizi, Mwanza

* * *

Pole sana dada. Kwanza kabisa hiyo milioni 2 na laki 3 usiitume, hata akikupigia analia. Storeji inadaiwa kwa invoisi yenye namba ya kontena lako, ushuru unadaiwa kwa kontrol namba ya TRA, demareji inadaiwa na shipingi laini kwa invoisi yao na mara nyingi ni ya dola. Hamna hata moja kati ya hizo inayolipwa kwenye namba ya simu ya mtu. Mwambie tu "nitumie invoisi nilipie mwenyewe leo hii", ajenti mwenye kazi safi anafurahi ukisema hivyo maana umempunguzia mzigo. Akianza kuzunguka hapo ushajua kitu.

Polisi nao wasubirishe kidogo, na mwambie shemeji sijasema tusiende kabisa. Sababu ni kwamba sa hivi hujui shida iko wapi. Inaweza kuwa amekula hela, inaweza kuwa kweli kuna karatasi imekwama, na inaweza kuwa vyote viwili. Mi nimekaa kwenye hii kazi muda mrefu nikiandika deklarasheni za watu, na nakwambia neno "dokumenti hazijakamilika" ndo kichaka tunachojificha wote, mwizi na asiye mwizi. Asiye mwizi analitumia kwa uvivu wa kueleza, mwizi analitumia kununua siku. Kwahiyo kazi yako ya leo ni kulivunja hilo neno mpaka libaki jina la karatasi moja na jina la ofisi moja.

Mwandikie watsapu na imeili vilevile, kwa adabu, kitu kama hiki: "Ndugu yangu, naomba uniandikie jina la dokumenti inayokosekana, ni nani anatakiwa kuitoa, na wewe umeiomba lini. Kama forodha wameuliza swali naomba skrinshoti ya hilo swali. Pia nitumie namba ya TANSAD, kontrol namba ya ushuru na risiti ya malipo. Nasubiri mpaka saa kumi jioni leo." Basi. Usitukane, usitishie, usitume ujumbe wa sauti. Hiyo meseji inafanya kazi mbili, kama ni mkweli inamrahisishia kujibu, kama si mkweli inabaki ushahidi wa tarehe. Na hiyo skrinshoti nimeiweka makusudi, forodha wakiwa na tatizo na mzigo hawamnong'onezi ajenti sikioni, wanaandika kwenye mfumo na ajenti analiona kwenye kompyuta yake. Kama swali lipo atakuwa nalo.

Sasa wakati unasubiri jibu, ambalo labda halitakuja, unaanza kufuatilia mwenyewe bila yeye. Inawezekana kabisa na huhitaji kumjua mtu bandarini. Chukua ile kopi ya BL aliyokutumia sapulaya kwa imeili, kama hukuwahi kuwa nayo mwombe sasa hivi, ni kitu cha dakika mbili. Angalia juu kulia kuna namba ya BL, chini kuna namba ya kontena, herufi nne na tarakimu saba. Halafu soma kile kiboksi kimeandikwa CONSIGNEE. Hapo ndo pana roho ya mambo. Likiwepo jina la biashara yako, vizuri, mzigo umeandikiwa wewe. Likiwepo neno TO ORDER maana yake mwenye zile karatasi orijino mkononi na sahihi ya nyuma ndo mwenye nguvu, hapo inabidi twende haraka zaidi. Likiwepo jina la ajenti wako, ambalo nimeshaliona kwa wateja wageni wanaoambiwa "weka jina langu itakuwa rahisi", niandikie tena kabla hujafanya chochote kingine maana njia inabadilika.

Tuseme ni jina lako. Nina swali dogo ambalo hakuna aliyekuuliza: ulishawahi kugonga muhuri wako nyuma ya BL? Maana karatasi zimetoka China zikaenda Dar moja kwa moja, Mwanza hazijapita. Shipingi laini nyingi hazitoi D/O, ile diliva oda ya kuruhusu kontena, mpaka BL orijino iwe imegongwa muhuri na kusainiwa nyuma na mwenye mzigo, na mara nyingi wanataka na barua yako inayosema huyu ndo ajenti wangu. Kama wewe hujagonga na hujaandika barua, basi kitu kinachokosekana kinaweza kuwa muhuri wako mwenyewe na jamaa anaona aibu kusema kuwa alisahau kukwambia. Wengine huwa hawasemi kabisa, wanaenda kuchongesha muhuri wa mteja pale mtaani kwa wachonga mihuri na maisha yanaendelea, mpaka siku kuna kesi. Ukigundua BL yako ilipelekwa na muhuri ambao hukuugonga wewe, hiyo ni faili nyingine na shemeji atapata hiyo polisi yake.

Kitu kingine muulize sapulaya alituma orijino ngapi. Kwa kawaida BL inatolewa orijino tatu, na kwa kuchukulia mzigo inatosha moja tu, ikishasalimishwa moja zile nyingine zinakufa. Wachina wengi wanatuma zote tatu kwenye bahasha moja, ila wapo wanaobakiza moja kwa usalama. Akisema anayo moja na laini wakathibitisha hakuna iliyosalimishwa mpaka sasa, unamwambia aitume kwako Mwanza kwa kurieri leo hii, na hofu yako ya kufichiwa karatasi imeisha. Kama alituma zote, mwombe namba ya kurieri, ukiiingiza kwenye tovuti yao inaonyesha imepokelewa tarehe ngapi na nani kasaini. Ajenti hawezi tena kusema hajazipata.

Hatua inayofuata ni shipingi laini. Jina lao liko kubwa juu ya BL, wana ofisi au wakala Dar, imeili yao ya huduma za mizigo inayoingia iko kwenye tovuti yao. Waandikie kwa jina la biashara yako, ambatanisha kopi ya BL na cheti cha TIN, uliza mambo manne tu: BL orijino imeshasalimishwa kwenu au bado, D/O imetoka na kama imetoka kapewa nani, demareji mpaka leo ni kiasi gani na siku za bure zilikuwa ngapi, na kontena limekaa wapi. Hilo la mwisho watu hulipuuza. Dar sa hivi gati 0 mpaka 7 ziko kwa DP World na 8 mpaka 11 ziko kwa TEAGTL, na makontena mengine yanahamishiwa bandari kavu, zile ICD, na storeji unalipa pale lilipo. Kuna watu wametoa hela ya storeji "ya bandarini" wakati kontena liko ICD kitambo.

Jibu la laini litakupa nusu ya ukweli. Wakisema D/O ilishatoka, basi habari ya BL imeisha, jamaa akikutajia BL tena anakudanganya, shida iko forodha au iko kwenye hela. Wakisema hawajawahi kuona BL orijino wala mtu wa kuulizia, basi hizo siku zote karatasi zimekaa kwenye droo yake.

Nusu ya pili iko TRA. Si lazima uje Dar, TRA Mwanza wana watu wa forodha, nenda asubuhi na TIN, kitambulisho, kopi ya BL, omba wakuangalizie kama kuna TANSAD kwa hiyo namba ya BL. TANSAD ndo deklarasheni yenyewe, ile karatasi ajenti anayoijaza kwenye mfumo kutangaza una mzigo gani, thamani gani, ushuru kiasi gani. Ofisa akiifungua ataona iko hatua gani, na kila hatua ina tafsiri yake.

Wakikwambia TANSAD haipo kabisa, huyu mtu hajaanza kazi. Hapo una haraka kuliko zote na nitakueleza kwanini.

Wakikwambia ipo, imeshakadiriwa, kontrol namba imetoka tarehe fulani na haijalipwa, dada yangu hiyo milioni 14 imeenda kuziba tundu lingine. Huu ndo ugonjwa mkubwa wa kazi yetu, hela yako imetoa kontena la mteja wa mwezi uliopita, na ya kwako anaisubiri kwa mteja ajaye. Ndo maana siku zinasogea na ndo maana anakuomba nyongeza. Dalili yake iko wazi, ajenti wa namna hii anatuma picha ya kila kitu kasoro risiti.

Wakikwambia ipo, imelipwa, ila imesimama kwa swali, pumua. Hapo kuna dokumenti ya kweli na inabidi tuwe waungwana kwa ajenti. Nikupe mfano wa mteja mmoja wa Mbeya, nae tailizi hizohizo. Tailizi ni nzito, kontena la futi 20 linaweza kubeba tani 26 au 27, na kiwandani wakati wa kupakia wanaongeza au kupunguza boksi kulingana na nafasi na uzito. Sasa BL yake ilisema maboksi 1,260, pakingi listi na invoisi zikasema 1,240 kwa sababu ofisi ya mauzo ilichapa oda ya mwanzo haikurekebisha. Maboksi 20 tu, kwa mtu wa duka si kitu, ila kwa forodha hiyo ni mzigo ambao haujatangazwa. Faili likasimama. Ajenti akamwambia mteja "dokumenti hazijakamilika" akaishia hapo, mteja akampigia Mchina, Mchina akasema katuma kila kitu, na wote wawili walikuwa wakweli! Karatasi zote zilikuwepo, ila hazikukubaliana zenyewe kwa zenyewe.

Dawa yake ilitegemea kosa liko karatasi gani. Walivyomuuliza msimamizi wa kupakia akatuma picha na karatasi ya kuhesabia, ikaonekana 1,260 ndo sahihi, kwahiyo Mchina akatoa invoisi na pakingi listi mpya zenye muhuri, na ajenti akarekebisha TANSAD, ushuru ukapanda kidogo wa yale maboksi 20. Hiyo ndo njia rahisi. Ingekuwa BL ndo imekosewa, ni ngoma nzito, maana sapulaya anaomba marekebisho kwa laini kule kule bandari ya kupakilia, laini wa Dar anaomba forodha kubadilisha manifesti, na kila mmoja ana ada yake. Kwahiyo kabla hata hujaenda TRA weka BL, invoisi na pakingi listi mezani, pitisha kalamu: idadi ya maboksi, uzito kwa kilo, jina lako herufi kwa herufi, namba ya kontena, namba ya sili. Zikipishana popote mwambie sapulaya leo, China wako mbele yetu masaa 5, ukisubiri mchana wao wameshafunga.

Kingine cha kweli kinachokwamisha tailizi ni TBS. Mzigo unatakiwa uwe na cheti cha ubora, ile CoC, kinachotolewa baada ya kukaguliwa kule unakotoka na kampuni iliyoidhinishwa na TBS. Angalia imeili za sapulaya kama alikutumia. Kama hukuagiza kikatolewe na hakuna aliyekwambia, basi hakipo, na hamna anayeweza "kukifuatilia" maana hakikuzaliwa. TBS watakagua mzigo hapa hapa, itakugharimu zaidi na itachukua siku, ila inawezekana. Na wakati mwingine forodha wanauliza uthibitisho wa bei, hapo unatoa karatasi ya benki ya tiitii uliyomlipa Mchina, ambayo ajenti hana, unayo wewe. Unaona sasa kwanini nasisitiza jina la karatasi? Huenda unachokimbizana nacho Dar kiko kwenye droo ya duka lako.

Tuje kwenye huo mnada aliokutishia. Kuna saa tatu zinahesabu hapo na usizichanganye. Ya kwanza storeji, ya aliyelihifadhi kontena. Ya pili demareji ya shipingi laini, hii inahesabu siku unazokaa na kontena lao na haisimami mpaka kontena tupu lirudi, na inapanda kwa ngazi. Tuseme ulipewa siku 14 za bure, halafu wiki ya kwanza dola 20 kwa siku na baada ya hapo dola 40. Ukilitoa ndani ya ile wiki ya kwanza hauzidi dola 140. Ukiacha mwezi mzima upite baada ya zile siku za bure, hiyo 140 inaongezewa siku 23 za dola 40 ambazo ni 920, jumla 1,060. Mwezi unaofuata wote ni dola 40 kila siku, mwezi mmoja 1,200. Viwango vyako halisi utavipata kwenye lile jibu la laini.

Ya tatu ndo ya sheria. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inataka mzigo uwe umetangazwa ndani ya siku 21 tangu meli ianze kushusha. Meli yako ilishusha tarehe 3, kwahiyo zinaisha tarehe 24, keshokutwa hiyo. Zikipita bila TANSAD mzigo unaweza kuhamishiwa ghala la forodha. Ukishakaa humo siku 30 bila kutolewa, forodha wanatangaza, na kutoka siku ya tangazo kuna siku 30 nyingine kabla haujahesabiwa kuwa umetelekezwa na kuweza kupigwa mnada. Kwahiyo anayekwambia mnada ni kesho anakutisha, ila anayekwambia hamna haraka nae anakudanganya. Ndo maana nilisema kama TANSAD haipo kabisa una haraka kuliko zote, ofisa wa TRA mwambie waziwazi siku zako 21 zinaisha lini na kwamba ajenti wako haonekani, akuandikie au akuelekeze ofisi ya kupeleka barua Dar. Barua iliyopokelewa na kugongwa muhuri kabla ya siku kupita inasaidia sana baadae ukiomba kupunguziwa.

Kuhusu kulitoa mwenyewe, kwa kontena la biashara utahitaji ajenti mwenye leseni ya TRA, yeye ndo mwenye kuingia kwenye mfumo. Ila kubadilisha ajenti ni haki yako. Unachukua mpya kutoka kwenye orodha ya mawakala wa forodha ya TRA, siyo kutoka kwa shemeji wa rafiki, leseni zinahuishwa kila mwaka kwahiyo hakikisha ya mwaka huu, na ukiweza mtu wako wa Dar akaione ofisi kwa macho. Halafu unaandika barua ya kumuondoa wa zamani, yenye namba ya BL, namba ya kontena na jina la ajenti mpya, kopi unapeleka forodha, kwa shipingi laini na kwa wanaolishikilia kontena. Hiyo barua ya laini ipeleke kwanza, kabla hata ya kumwambia yeye, ili asije akaenda kuchukua D/O kwa hasira.

Kuna kona moja. Kama TANSAD ilishasajiliwa kwa jina lake, wa pili hawezi tu kujaza nyingine juu yake, inabidi maombi yaende forodha ile ya kwanza ifutwe, na wataangalia imelipwa au bado. Ikiwa imeshalipwa, ushauri wangu wa kweli, hata kama humpendi, mwache amalize. Lipia mwenyewe kila invoisi iliyobaki, mtumie ndugu asimame nae ofisini, na ugomvi uanze kontena likiwa uani kwako. Nimeona watu wanabadilisha ajenti kwa hasira mzigo ukiwa umebakiza hatua moja, wakalipa wiki mbili za demareji kwa ajili ya kisasi.

Ikiwa haijalipwa, mkutano ni wa ana kwa ana ofisini kwake, wewe au mtu wako mwenye barua, mna jibu la laini na jibu la TRA vimechapwa. Usimuulize hela iko wapi, mwambie "kontrol namba hii hapa haijalipwa, ilipiwe sasa hivi tukiwa hapa, au nirudishie milioni 14 na BL zangu tuandikishane". Kazi aliyofanya kweli na ana risiti zake, mlipe, asipate kisingizio cha kukaa na karatasi kwa deni la laki tatu. Akikataa vyote viwili, hapo sasa polisi ni sawa kabisa, hela ya ushuru iliyochukuliwa na haikufika ni jinai siyo kutoelewana, na utaenda na miamala ya simu, ya benki na ile meseji ya saa kumi ambayo hakuijibu. Siku hiyohiyo malalamiko yaende forodha, wao ndo wanaotoa leseni na ndo wanaoweza kuisimamisha, na kopi kwa chama cha mawakala, TAFFA, ikiwa ni mwanachama wao. Nakwambia kutokana na uzoefu, ajenti haogopi polisi kama anavyoogopa kufungiwa mfumo.

Na kitu kimoja kwa ajili yako, siyo yake. Omba kopi ya TANSAD hata kama mambo yakienda vizuri, usome thamani iliyoandikwa na ulinganishe na invoisi yako. Sheria hiyohiyo inamhesabu ajenti kama mwenye mzigo kwa anachotangaza, lakini wewe nawe unabeba anachokifanya kwa niaba yako. Kama alishusha thamani ili ile milioni 14 ibaki na chenji mfukoni kwake, siku wakija kukagua hesabu za duka miaka ya mbele ni wewe utakayeulizwa, yeye atakuwa kashabadilisha laini ya simu.

Demareji ikishajulikana waandikie laini uombe punguzo, ambatanisha barua ya kubadilisha ajenti na jibu la TRA. Hawalazimiki kukubali ila mara nyingi wanapunguza kwa anayeomba kwa maandishi kabla ya kulipa, ukishalipa hamna mazungumzo tena. Na uliza mapema kama wanataka dipoziti ya kontena. Kama wanataka, risiti itoke kwa jina la biashara yako na akaunti ya kurudishiwa iwe yako, na kontena tupu likirudi mwambie dereva asiondoke bila ile karatasi ya kupokelewa, aipige picha akutumie akiwa bado getini.